Kiti Tulichokiacha Nyumbani

Mwaka wa kwanza mdogo wangu alipokimbia kilomita mia moja, mimi ndiye niliyemtoa mashindanoni. Sikumpiga ngwala. Nilimpa kiti.

Kilikuwa kiti changu cha cherehani, chenye mto wa sufi nilioushona mwenyewe, na nilikibeba kwenye pikapu kutoka Katandala mpaka kituo cha tatu kwa nia njema kabisa. Nilijiambia, mtu aliyekimbia tangu alfajiri anastahili kukaa penye laini. Mama alikuwa amebeba ugali wa ulezi na maharage. Shangazi watatu walikuja na blanketi. Mdogo wangu alipotokea kwenye kona, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, tulipiga vigelegele watu wote wakageuka. Akachuchumaa kuwasalimia shangazi kwa desturi yetu, na makofi yale ya taratibu, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akamuuliza habari za kazi, za nyumbani, za kule alikotoka. Alikotoka ni barabarani, lakini kuulizwa lazima aulizwe. Kwa shangazi wa tatu alishindwa kuinuka, misuli ya paja imembana. Tukamwinua, tukamweka kitini, tukamfunika blanketi, tukamnawisha mikono, akala. Nilimwona anasinzia na moyo wangu ukatulia kabisa.

Aliondoka pale baada ya dakika arobaini na kitu, akitembea kigumu, mwili umeshapoa. Kituo cha nne kilikuwa na saa ya kufungwa, na alipofika palikuwa pameshafungwa dakika kumi na moja zilizopita. Wakamvua namba kifuani kwa upole, wakampakia kwenye lori pamoja na madumu matupu ya maji.

Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Mimi nina hasira za karibu, ninafoka, ninalia, yanaisha, napika chai. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa sauti ya chini, na akikasirika anapita tu. Kwa mwaka mzima alipita mbele ya kibaraza changu akienda zake Malangali alikokuwa anakaa, akasema "Shikamoo dada" akiwa njiani vilevile, bila kusimamisha mguu. Zamani kila Jumapili baada ya misa alikuwa anakula kwangu. Mwaka ule sahani yake ilikaa kabatini imegeuzwa kifudifudi.

Hayo yalikuwa wakati wa soko huria, simu za mkononi zimeanza kufika Sumbawanga lakini mtandao unapatikana ukipanda juu ya kichuguu. Mbio zenyewe zilianzishwa na wakimbiaji wachache wa mjini wakishirikiana na wageni waliokuja kwa mradi wa maji. Zilianzia kiwanja cha mpira saa kumi na moja alfajiri, zikapita Chanji, zikazunguka uwandani mpaka karibu na ukingo unaoangalia bonde la Rukwa, halafu zikarudi mjini. Vituo vilikuwa vinne. Cha kwanza, kilomita ya ishirini na mbili, maji tu. Cha pili, ya arobaini na moja. Cha tatu, ya sitini na mbili, kinafungwa saa nane mchana. Cha nne, ya themanini na tatu, kinafungwa saa kumi na moja na nusu jioni. Na mwisho wa yote ni saa mbili usiku. Ukifika saa mbili na dakika moja, wewe umetembea tu, hukushindana.

Mwaka wa pili ulipokaribia, nilisikia kwa watu kwamba amejiandikisha tena, na kwenye fomu, mahali pa kuandika wahudumu, ameandika "Hakuna." Niliumia. Nikamfuata rafiki yake, mfugaji wa Kisukuma ambaye familia yao ilihamia huku na ng'ombe wao tungali wadogo. Yule ndiye aliyekuwa aandamane naye kama msindikizaji, kwa maana kanuni ziliruhusu kila mkimbiaji kuwa na mtu mmoja wa kukimbia naye kuanzia kituo cha tatu. Nikamwambia, mwombee dada yako msamaha.

Alirudi na jibu baada ya siku mbili. "Dada, amekubali. Ila kasema mkileta kiti, anaacha mbio palepale. Na kasema hii ndiyo mara ya mwisho. Ikishindikana, hatarudia."

Hakusema habari ya kurudi kwangu, na mimi sikuuliza. Lakini nilijua. Ikishindikana safari hii tena kwa mikono yetu, sahani ile isingegeuka.

Basi tukakaa kikao, kwa mara ya kwanza tukiwa wanne tu, shangazi hawakuambiwa. Mume wangu, dereva wa pikapu ya kubeba mahindi, akapewa usukani na saa. Kazi yake ilikuwa kutazama saa na kusema "bado dakika tatu" bila kumhurumia mtu. Mama akapewa uji. Mfugaji akapewa usindikizaji. Mimi nikapewa miguu na mifuko.

Mifuko ndiyo ninayoijua. Kila mkimbiaji aliruhusiwa kupeleka mfuko kituo cha tatu na mwingine kituo cha nne, usiozidi kiroba cha unga cha kilo kumi, umeandikwa namba, hauna chupa ya kioo, ukabidhiwe jana yake kabla ya saa kumi jioni ili lori liupeleke. Mwaka uliotangulia tuliiona mifuko ile kuwa ni ya watu wasio na ndugu. Tuliweka soksi moja na gazeti, mengine yote tukayabeba sisi kwenye pikapu. Mwenye akili alikuwa mume wangu. Alisema, "Mama watoto, gari ni chuma. Kitu ambacho akikikosa anakufa mbio, usikipakie kwenye gari langu. Kiweke kwenye mfuko. Sisi tuwe nyongeza."

Nilishona mifuko miwili kwa turubai la kijani, na ndani ya kila mmoja nikaweka mifuko midogo mitatu. Nilikuwa nimemwona mwaka ule mwingine, kituo cha tatu, anatazama kiatu chake asijue kinavaliwaje. Mtu aliyekimbia kwa saa nane hajui kuchagua. Ukimpa vitu kumi kwa pamoja atashika kimoja, atakitazama, atakiweka. Kwa hiyo nikashona vifungo. Mfuko mdogo wa kwanza kifungo kimoja, wa pili viwili, wa tatu vitatu. Anafungua kwa mpango, anafanya kilichomo, anaenda unaofuata. Hata gizani kidole kinahesabu.

Kwenye kifungo kimoja niliweka mambo ya miguu: soksi kavu za pamba nzito, kopo dogo la mafuta ya mgando ya kupaka vidoleni na mapajani pasichubuke, plasta, sindano niliyoichoma motoni na kuifunga kwenye kitambaa safi, ya kutobolea lengelenge pembeni bila kubandua ngozi yake. Kwenye vifungo viwili, chakula: karanga za chumvi, biskuti, glukosi ya unga kwenye karatasi, na chumvi peke yake imefungwa vifundo vidogovidogo. Mwaka ule alikunywa maji mengi matupu mpaka akawa anatapika, kumbe mwili ulikuwa unadai chumvi. Kwenye vifungo vitatu, tochi ya kichwani, betri za akiba, sweta na koti jepesi la kuzuia upepo, maana kiangazi uwandani jua likizama baridi haikubishii hodi. Chini kabisa ya mfuko wa kituo cha tatu nikalaza raba za pili, za mtumba lakini nzima, zinazozidi za kwanza kwa namba moja. Miguu huvimba, na aliyekimbia kilomita sitini si mwenye miguu aliyoamka nayo. Mfuko wa kituo cha nne nikaufanya mwepesi: soksi nyingine, chumvi nyingine, betri nyingine, na glavu.

Mama akaja na chupa ya plastiki ya uji, akataka niuweke mle.

"Mama, mfuko unaondoka leo. Mpaka kesho mchana uji utakuwa umechacha."

"Uji wa ulezi ukichacha ndiyo unazidi utamu."

"Ataharisha njiani, mama."

Akanitazama kama nimemtukania jiko lake. Lakini akakubali ataubeba mwenyewe siku ya mbio kwenye chupa ya chai, mwepesi wa kunyweka, wenye sukari na chumvi kidogo.

Yakabaki masalimiano. Hilo ndilo lilinikosesha usingizi kuliko betri. Shangazi wasingekuja, sawa, lakini njia yenyewe inapita vijijini kwa wajomba na mababu, na mdogo wangu si mtu wa kumpita mkubwa akiwa anapunga mkono. Atachuchumaa. Kila akichuchumaa, paja litambana. Mfugaji ndiye aliyelipata jibu. Alisema kwao ng'ombe anayekwenda mnadani hunyweshwa kabla. Basi na salamu za kesho azitoe leo.

Tukafanya hivyo. Siku mbili kabla ya mbio mume wangu alimzungusha kwa pikapu, Katandala, Chanji, Malangali, na vijiji viwili vya njiani. Kila nyumba alishuka, akachuchumaa, akapiga makofi, akasema: "Shikamoo. Na hii nyingine naiacha hapa, ni ya keshokutwa, nitapita mbio." Wazee walicheka sana. Babu mmoja alisema ataitunza kwenye kihenge pamoja na mahindi, isiliwe na panya. Wote wakapokea.

Mama peke yake alikataa. "Salamu haiwekwi akiba," alisema. "Mwanangu akinikuta, atanisalimia. Akinipita bila kunisalimia watu watasema nilizaa mnyama." Hakuna aliyembishia. Mama ni mama.

Siku ya mbio tukamwona mara ya kwanza kituo cha pili, saa nne kasorobo. Palikuwa na upepo wa kukata masikio. Alikuja mwepesi, akasimama mbele yangu kwa miguu miwili, na ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mwaka mzima anasimama kwa ajili yangu. Nilimbadilishia chupa za maji, mume wangu akitazama saa yake, mama akamnywesha uji vikombe viwili. Kabla hajanywa alichuchumaa mbele ya mama, akasalimia, akainuka vizuri, bado alikuwa na mwili. Dakika nne, akaondoka. Tulipeana mikono sisi watatu kana kwamba tumemaliza kanisa.

Tulikuwa hatujafika mbali na furaha yetu, pikapu ikaanza kutoa moshi mweupe mbele. Paipu ya rejeta ilikuwa imepasuka. Tulikuwa katikati ya uwanda wa nyasi, hakuna nyumba, hakuna mti wa kutosha kivuli cha mbuzi, na kichuguu nilichopanda kutafuta mtandao hakikuwa na mtandao.

Nilimfokea mume wangu. Nasema kweli. Nilimfokea yeye, pikapu, aliyeuza paipu, na Wajapani walioitumia kwanza. Mume wangu alikata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, akaanza kuifunga paipu, mzunguko juu ya mzunguko, halafu akaomba maji. Maji tuliyokuwa nayo ni ya mdogo wangu, madumu mawili ya kituo cha tatu. Nikayatazama. Mama akasema, "Mpe. Mtoto hatayakuta yakiwa hapa." Tukaimwagia pikapu maji ya mkimbiaji, tukaenda mwendo wa mgonjwa, tukisimama kila mara ipoe. Mara ya tatu ilikataa kabisa kuwaka, tukakaa.

Kukaa kule ndiko kulikonitesa. Nilijiona tena nimembebea kiti. Mwaka ule tulimharibia kwa kuwepo, mwaka huu tunamharibia kwa kutokuwepo. Nilijua saa saba imepita, na saa nane inakuja. Nilijua raba zake za kwanza zimekuwa ndogo sasa. Nikawa nauliza kwa sauti, je, lori liliufikisha mfuko? Na kama limeufikisha, atakumbuka kuuomba? Na akiuomba, ataufungua? Mama alikuwa anasali rozari kimyakimya, na kila nikiuliza aliongeza sauti kidogo.

Tulifika kituo cha tatu saa nane na dakika ishirini. Wasimamizi walikuwa wanakunja meza. Nilishuka pikapu haijasimama sawasawa, nikamkimbilia kijana wa daftari.

"Namba yangu," nikasema, nikaitaja.

"Katoka, mama. Saa saba na dakika thelathini na tano. Yeye na jamaa wa fimbo."

"Mzima?"

"Mzima. Hakukaa hata kidogo. Nilimkaribisha kiti akanitazama vibaya."

Mfuko wangu ulikuwa pale kwenye mstari wa mifuko, umefungwa vizuri kwa kamba yake. Nikaupigia magoti, nikaufungua. Kifungo kimoja: soksi chafu zimekunjwa, kopo la mafuta lina alama za vidole, plasta mbili hazipo, sindano imerudishwa kwenye kitambaa chake. Vifungo viwili: biskuti zimebaki nusu, karanga hakuna, vifundo vya chumvi vyote vimekwenda. Vifungo vitatu: patupu, amechukua tochi, betri, sweta, koti. Chini, raba za kwanza, zimevimba kwa jasho na vumbi. Hakukosea hata kimoja. Alikuwa amepita ndani ya mfuko ule, kifungo kwa kifungo, kama nilivyompangia, na mimi sipo.

Nililia hapohapo, nimekumbatia soksi zinazonuka. Mume wangu alisema, "Haya, bado dakika tatu," nikacheka na kamasi juu. Sijui kama nimewahi kupata faraja ya namna ile.

Baadaye mfugaji alinisimulia walivyofanya. Yeye alikuwa amelala kwa nduguye karibu na kituo, akafika mapema. Mdogo wangu alipotokea na kutukosa, alisimama katikati ya uwanja amepotea, akauliza, "Dada yuko wapi?" Mfugaji hajui kusoma, lakini kuhesabu vifungo hakuhitaji shule. Alimwekea mfuko mbele, akamwambia, "Dada yako huyu hapa. Anza na kimoja."

Usindikizaji wake nao ulikuwa na kisa. Kwetu sote, Mfipa na Msukuma, kumsindikiza mtu ni kumpokea mzigo. Huwezi kutembea mikono mitupu na mwenzako amebeba, ni aibu. Lakini kanuni za mbio zilikataza: msindikizaji asibebe chochote cha mkimbiaji, si chupa, si koti, anaweza kumpa maneno tu. Mfugaji alilalamika sana alipoambiwa. "Sasa mimi nakwenda kufanya nini, kumtazama?" Mwishowe aliamua kubeba fimbo yake mabegani, mikono yote miwili ameitundika juu yake, ili mikono ishughulike isije ikapokea chupa kwa mazoea. Kilomita thelathini na nane alikwenda hivyo. Na hakukaa mbele kumvuta. Alikaa nyuma, hatua mbili, upande wa kulia, anavyokaa nyuma ya ng'ombe. Alisema ukimwongoza mnyama aliyechoka kwa mbele anasimama kukutazama, lakini akisikia hatua nyuma yake, naye anakwenda. Mlimani, "Tembea." Panapoteremka, "Haya, kimbia." Jua likisogea kidogo, "Kula. Piga funda moja." Hakuna maneno mengine. Mdogo wangu alisema ndiyo maneno matamu kuliko yote aliyowahi kuambiwa, kwa kuwa hayakuhitaji jibu.

Pikapu ilitufikisha kituo cha nne kwa huruma ya Mungu, saa kumi na dakika hamsini. Hapakuwa na mtu wetu. Niliuliza, hawajapita. Mfuko wa pili niliukuta umefungwa, nikaufungua mdomo, nikavitanguliza vifungo juu. Mama akamimina uji kwenye kikombe, akausitiri kwa kiganja usipoe. Halafu akasimama kidogo, akanipa kikombe.

"Mpe wewe," akasema.

"Na wewe?"

"Akiniona atachuchumaa. Pale asubuhi aliinuka. Hapa hatainuka."

"Si ulisema watu watasema..."

"Waseme."

Akaenda nyuma ya ukuta wa darasa, kituo kilikuwa uwanja wa shule. Ila ukuta ulikuwa mfupi, umebomoka upande mmoja, mama naye ni mrefu. Akaona haumfichi, akageuka, akatupa mgongo, akajitanda khanga kichwani, akabaki anatazama shamba la watu lililokwisha kuvunwa.

Wakatokea saa kumi na moja na dakika nane. Mdogo wangu mbele, anatembea anachechemea, uso wa majivu. Fimbo nyuma yake. Nilimkimbilia, nikampa kikombe, akanywa amesimama. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye mfuko, ukapapasa, ukakuta kifungo kimoja. Nikapiga goti nimvue viatu, akaniwekea mkono begani ajishikize. Nilimbadilisha soksi, nikampaka mafuta, nikatoboa lengelenge moja la kisigino na kulifunga, na mkono wake ukabaki begani pangu muda wote.

Kisha akauliza, "Mama hakuja?"

Jicho langu likaenda ukutani kabla sijalizuia, akalifuata, akaona khanga. Aliutazama ule mgongo. Nikaona magoti yake yanaanza kulegea kwa heshima, na nikajua akienda pale, hatutoki. Mume wangu akasema, "Dakika sita zimekwisha." Mama hakugeuka. Aliinua mkono mmoja tu juu ya bega, bila kutazama, akausukumia hewani kuelekea mjini, kama mtu anayefukuza kuku kwenye ulezi.

Mfugaji akamgusa mdogo wangu shavu la mguu kwa ncha ya fimbo, polepole. "Twende."

Akaenda. Mama aligeuka walipokuwa wameshaingia njia panda, na akapiga makofi yake taratibu, peke yake, kumjibu salamu ambayo hakupewa.

Mwisho ulikuwa kiwanja kilekile cha alfajiri. Giza lilishaingia, taa za gari mbili zimewashwa kuangaza mstari, na watu wamejikunyata kwa baridi. Saa moja na nusu. Saa moja na dakika arobaini. Mume wangu akaacha kutaja dakika, akaificha saa mfukoni, nikaona naye ni mtu. Mimi nilikuwa nimeshakubali moyoni kushindwa mara mbili, nikitafuta maneno ya kumwambia, nikaona tochi mbili zinashuka upande wa Malangali. Moja inayumba, na nyingine nyuma yake imetulia hatua mbili upande wa kulia.

Alivuka mstari saa moja na dakika hamsini na moja. Nililipuka. Sikumbuki nilichopiga kelele, ila mume wangu anasema nilimtukana kwa furaha.

Mdogo wangu hakusimama kwa mtu. Alikwenda moja kwa moja alikokuwa mama, akajaribu kuchuchumaa. Miguu ikakataa nusu ya njia. Alibaki pale ameinama, haendi chini, harudi juu, mfugaji akatupa fimbo na kumshika kwapani, maana sasa mbio zimekwisha na kushika kunaruhusiwa. Mama akaona. Akaikunja khanga, akakaa chini yeye, mavumbini, mbele ya watu wote, mpaka kichwa chake kikawa chini ya kichwa cha mwanawe. Akapiga makofi.

"Shikamoo mama," akasema mdogo wangu.

"Marahaba. Hiyo ni ya kule shuleni," mama akajibu. "Sasa nisalimie ya hapa."

Akamsalimia ya hapa, akaangukia mapajani mwake akicheka, na sisi wote tukakaa chini.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kibarazani nazungusha cherehani nikamwona anakuja kutoka Malangali, anatembea kizee, ameshika ukuta wa jirani. Mkononi alikuwa na ile mifuko miwili ya turubai, ameifua. Akafika mbele ya kibaraza, akasema, "Shikamoo dada," na mguu ukasimama.

"Marahaba."

"Wa kituo cha nne ungeongeza kifungo cha nne," akasema. "Cha peremende."

Niliinuka, nikaacha kazi, nikakisogeza kiti changu chenye mto wa sufi mpaka mbele yake. Akakitazama muda mrefu. Halafu akakaa, akanyoosha miguu, nami nikaenda ndani kuigeuza sahani.